Meseji ya Kumrudisha Mteja wa Dobi

Mteja wa dobi haagi anapoondoka. Anaacha tu kuleta nguo, na mwenye biashara hugundua baada ya miezi kuwa jina fulani halijaonekana daftarini tangu kabla ya masika. Meseji ya kumrudisha ni ujumbe mfupi anaotumiwa mteja wa namna hiyo, mtu aliyewahi kufuliwa, akalipa, kisha akanyamaza. Ni kazi tofauti na kutafuta wateja wapya, kwa sababu mtu huyu anaijua tayari huduma, bei na harufu ya sabuni. Hahitaji kuelezwa dobi ni nani; anahitaji sababu ya kurudi.

Kazi huanzia kwenye daftari au kwenye simu inakohifadhiwa orodha ya oda. Kosa la kawaida ni kuweka kipimo kimoja kwa wote, kwamba asiyeonekana kwa miezi mitatu amepotea. Kijana asiye na familia anayeleta nguo kila Jumamosi akikosekana wiki tano mfululizo, ameshaondoka, na kusubiri miezi mitatu ni kumwachia dobi mwingine. Kwa upande mwingine, mama anayeleta mapazia na mablanketi tu, mara mbili kwa mwaka, hajapotea hata akikaa kimya miezi mitano. Kipimo kizuri ni desturi ya mteja mwenyewe. Ikiwa kimya chake kimezidi mara tatu ya muda aliozoea kati ya oda moja na nyingine, jina lake liingie kwenye orodha.

Kabla ya kuandika chochote, orodha hiyo ichujwe kwa sababu za kuondoka. Wapo waliohama mtaa, walionunua mashine ya kufulia na waliopata msaidizi wa nyumbani. Hawa meseji haiwagusi sana, ingawa mwenye mashine bado anaweza kuleta suti au duveti lisiloenea ndani ya mashine yake. Kundi la kuangaliwa kwa makini ni la walioondoka na kinyongo: shati lililochujuka rangi, soksi zilizopotea, nguo zilizoahidiwa Ijumaa zikafika Jumatatu, wakati mwenyewe alikuwa na harusi Jumamosi. Mtu wa kundi hili akipokea meseji ya kuchangamka yenye ofa, anaona amedharauliwa mara ya pili. Apigiwe simu, aombwe radhi kwa kosa lenyewe kwa jina lake, na kama shati halikulipwa, lilipwe. Ofa baadaye.

Kwa waliobaki, meseji ya kwanza inaweza kuwa hivi:

"Habari JINA. Ni dobi wako wa Sinza. Tulikufulia mara ya mwisho Machi. Alhamisi tunapita mtaani kwako, usafiri bure. Piga 07XXXXXXXX. Kujitoa andika ACHA."

Kila kipande kina kazi yake. Jina la mteja na mwezi wa oda yake vinathibitisha kuwa mtumaji anamfahamu. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo watu wamechoshwa na meseji za matapeli za "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kwa sababu hiyohiyo, kiungo cha kubonyeza hakina nafasi humo. Mwezi unatosha, nguo zenyewe zisitajwe, kwa kuwa simu husomwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani, na shuka za nani zilifuliwa lini si habari ya kila mtu. Lawama nayo imeachwa nje. "Hujaleta nguo tangu Machi" inamfanya mteja ajitetee, ilhali "tulikufulia" inaeleza tu kilichotokea. Kisha kuna siku moja na jambo moja la kufanya.

Urefu nao una gharama. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ikiingizwa kikatuni kimoja tu cha tabasamu, uwezo unashuka hadi 70, na ujumbe uleule unakatwa na kulipiwa kama meseji tatu. Jambo jingine la kuangalia ni jina la mtumaji: meseji za jumla zinazotoka na jina la biashara badala ya namba haziwezi kujibiwa moja kwa moja, hivyo namba ya kupiga, na ya kupokea neno ACHA, lazima iandikwe ndani. Wanaotegemea orodha ya matangazo ya WhatsApp wanapata tatizo jingine. Ujumbe wa namna hiyo humfikia tu mtu aliyehifadhi namba ya mtumaji, na mteja aliyeondoka huenda aliifuta zamani.

Wakati mzuri ni Jumatano au Alhamisi, kabla rundo la nguo halijashughulikiwa mwishoni mwa juma, na hasa baada ya mishahara kutoka. Kwa Dar es Salaam, masika ya Machi hadi Mei ni msimu wenyewe, maana nguo zinakaa kambani siku mbili bila kukauka.

Haki ya mteja kukataa si hisani ya dobi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Aliyeandika ACHA afutwe siku hiyohiyo. Asiyejibu atumiwe meseji ya pili baada ya wiki mbili, na ya tatu ya mwisho. Baada ya hapo ni usumbufu.

Swali linalosahaulika ni kama meseji ndiyo iliyowarudisha watu. Tuchukue dobi wa mfano mwenye wateja 100 walionyamaza, ambao kila oda yao humwachia faida ya shilingi 4,000. Anawatumia 80 meseji yenye punguzo la shilingi 3,000, na wale 20, waliochaguliwa kwa kura, hawatumii chochote. Baada ya mwezi, wamerudi 12 kati ya 80. Akiishia hapo atafurahi. Lakini kati ya wale 20 wasiotumiwa kitu, wamerudi 2 kwa hiari yao, yaani mmoja kati ya kumi. Kwa kiwango hicho, katika wale 80 wangerudi 8 hata bila meseji. Ujumbe umeleta wateja 4 tu.

Punguzo, hata hivyo, limechukuliwa na wote 12, nalo limegharimu shilingi 36,000. Oda 4 za nyongeza zimeingiza faida ya shilingi 16,000. Mwezi wa kwanza ni hasara ya shilingi 20,000, mbali na gharama ya meseji, na inafidiwa tu ikiwa wale wanne, kwa jumla, wataleta nguo angalau mara tano zaidi kwa bei kamili. Watu 20 ni wachache pia: angerudi mmoja zaidi au mmoja pungufu, picha ingebadilika, kwa hiyo jaribio lirudiwe kila msimu kabla ya kuaminiwa.

Kwa dobi mdogo, basi, punguzo la bei lisiwe silaha ya kwanza. Bodaboda anayepita mtaa mmoja siku moja na kukusanya mizigo sita hugharimu kidogo kwa kila mzigo, na mteja anaondolewa kero iliyomfanya aache kuja: kubeba furushi hadi dukani.