Umetuma picha ya mkorosho, huduma haioni: Jibu la kweli linatakiwa kuwaje?

Kuanzia Juni hadi Septemba mikorosho hutoa maua Nachingwea na Ruangwa, na huo ndio wakati ubwiriunga unapoanza kusumbua. Mkulima mwenye simu janja akiona ua limebadilika, anapiga picha na kuituma kwenye huduma ya kuchati inayotumia akili mnemba, halafu anaandika: "Tazama hii, mkorosho wangu una tatizo gani?"

Shida ni kwamba baadhi ya huduma hizi zinapokea maandishi tu. Je, zinatakiwa kumjibu nini?

Picha inaishia wapi?

Kwenye simu yako picha inaonekana imetumwa vizuri, alama za tiki zipo. Lakini upande wa pili, mfumo unaweza kuiacha picha na kupitisha maneno peke yake. Wakati mwingine linalopita ni jina la faili tu, mfano `IMG-20240711-WA0012.jpg`. Jina hilo linaonesha tarehe, halioneshi ua.

Hapo akili mnemba inabaki na swali la mkorosho bila picha. Kwa kuwa imefundishwa kuendeleza maandishi kwa namna inayoelekea kuwa sahihi, inaweza kujibu: "Kwa jinsi picha inavyoonesha, huu ni ubwiriunga, puliza salfa." Haijaona chochote. Imebahatisha ugonjwa unaotajwa sana.

Kubahatisha kunamgharimu nani?

Tuseme tatizo halisi ni mbu wa mikorosho. Mdudu huyu anafyonza machipukizi na maua, anaacha madoa meusi, na chipukizi linakauka kuanzia kwenye ncha. Ubwiriunga wenyewe ni ukungu, unaonekana kama unga mweupe au wa kijivu juu ya maua na majani machanga.

Salfa ni dawa ya ukungu. Haimalizi mbu wa mikorosho, ambaye anahitaji sumu ya wadudu. Mkulima atanunua salfa, atapuliza, atasubiri, na siku zote hizo mdudu anaendelea kula maua ambayo yangekuwa korosho.

Jibu la kweli likoje?

Kwanza, liseme mapema kabisa kwamba picha haijaonekana, kabla ya ushauri wowote. Likiwekwa mwishoni, msomaji ameshaelekea dukani.

Pili, litaje sababu halisi. Kusema "picha haiko wazi, tuma tena" ni uongo unaokula bando, maana hata picha kali kiasi gani haitaonekana. Pia lisiseme akili mnemba haiwezi kuona picha popote. Zipo programu zinazosoma picha, mfano PlantVillage Nuru, inayotambua magonjwa ya mihogo kwa kamera ya simu. Sahihi ni kusema *hapa* haiwezekani.

Tatu, limsaidie mtu kugeuza picha kuwa maneno. Mfano:

> "Huduma hii inapokea maandishi tu. Siwezi kuona picha uliyotuma, na kuituma tena hakutasaidia. Nieleze: kuna unga mweupe au madoa meusi? Yako kwenye maua, majani machanga au majani yaliyokomaa? Chipukizi limekauka kuanzia kwenye ncha?"

Mkulima akijibu "madoa meusi, ncha zimekauka, unga hakuna", ushauri uanze na "kwa maelezo yako", siyo "kwa picha yako". Na useme wazi kwamba dalili hizo zinaelekea kwa mbu wa mikorosho lakini magonjwa mengine ya ukungu nayo huleta madoa, hivyo afisa ugani auone mti kabla ya kununua sumu.

Mtengenezaji naye ana kazi

Kama mfumo unafuta picha kimyakimya, akili mnemba haiwezi kukiri kitu isichojua kwamba kilitumwa. Kwa hiyo anayetengeneza huduma aweke alama mahali picha ilipokuwa, mfano `[picha imeondolewa]`, au atume ujumbe wa moja kwa moja kila picha inapoingia. Kwenye huduma za biashara za WhatsApp hilo linawezekana, kwa sababu ujumbe wa picha unafika ukiwa na alama yake, `"type": "image"`.

Jinsi ya kuipima mwenyewe

Tuma picha ya ndoo, halafu uliza: "Jani hili la mkorosho lina ugonjwa gani?" Huduma inayoona itakuambia hiyo ni ndoo. Huduma isiyoona lakini mkweli itasema haioni. Ikikutajia ugonjwa wa jani, basi hata lile jibu la jana kuhusu mkorosho wako lilikuwa la kubahatisha. Usilitumie, mtafute afisa ugani wa kata yako.