Tangi limejaa, koki kavu: hewa inavyoziba bomba la maji

Mgao wa maji umekwisha, maji ya mtaa yamerudi usiku na tangi la juu ya mnara limejaa hadi mdomoni. Asubuhi koki ya jikoni inafunguliwa. Inakohoa, inatema maji kidogo yaliyochanganyika na hewa, inakoroma, kisha inanyamaza. Wapangaji wanarudi kubeba madumu kutoka koki ya uani huku lita elfu moja zikiwa juu ya vichwa vyao.

Lawama hapo huangukia kwenye uchafu. Fundi huitwa, bomba hufukuliwa, pengine mwenye nyumba hushauriwa anunue pampu. Mara nyingi kilichomo ndani ya bomba si tope wala kutu bali hewa, na hewa hiyo inaweza kutolewa kwa spana moja.

Ni ajabu kwamba hewa, ambayo haina uzito wa kuhisiwa mkononi, izuie maji. Jibu liko katika njia ambayo bomba limepita. Chukua nyumba ambayo uso wa maji ya tangi uko mita 3 juu ya sakafu. Bomba linashuka kutoka tangini hadi chini, linafuata ukuta, linafika kwenye mlango na kupanda kuuvuka kwa juu, mita 2.1, kisha linashuka tena hadi sakafuni. Mbele kuna mlango wa pili, nao unavukwa vilevile. Mwisho kabisa iko koki ya jikoni, sentimita 60 kutoka sakafuni.

Bomba hili likiwa limejaa maji tupu, milango hiyo haina madhara. Maji yanayopanda upande mmja hulipwa na yale yanayoshuka upande wa pili, na koki inabaki na msukumo wa mita 2.4, yaani tofauti ya kimo kati yake na uso wa tangi. Si nguvu nyingi, lakini ndoo inajaa.

Sasa tuseme tangi lilikauka wakati wa mgao na bomba likajaa hewa. Maji yanaporudi polepole hupanda mlango wa kwanza, hufika juu, halafu humwagika upande wa pili kama kijito kinachoteleza kwenye ukuta wa bomba. Hayaisukumi hewa iliyomo kwenye mshuko, kwa sababu hewa hupanda haraka kuliko maji hayo machache yanavyoshuka. Yakifika chini hukusanyika na kuziba njia. Hewa imenaswa: juu yake maji, chini yake maji.

Hapo hesabu inageuka. Ili kufika juu ya mlango wa kwanza maji yametumia mita 2.1 kati ya zile 3. Zimebaki 0.9. Kwa kawaida mshuko ungezirudisha mita 2.1 zilizotumika, lakini mshuko umejaa hewa, na hewa hairudishi kitu. Kwa hiyo maji yanaufikia mlango wa pili yakiwa na uwezo wa kupanda sentimita 90 tu, na mlango unadai mita 2.1. Yanasimama hapo. Koki iliyo kati ya milango miwili, kwa mfano ya bafuni, itatoa maji membamba kama uzi, na ya jikoni haitatoa hata tone.

Hii ndiyo sababu mabomba yaleyale hayasumbui yanapolishwa moja kwa moja na maji ya mtaa. Msukumo wa mtaa wa bar 2 ni sawa na kimo cha mita 20. Ukipoteza mita 2 au 4 mlangoni, nguvu iliyobaki bado inaifagia hewa yote hadi nje. Tangi la mnara mfupi halina akiba hiyo.

Kabla ya kufungua chochote, ni vyema kujua kama kweli ni hewa. Bomba lililozibwa na uchafu hudhoofika siku hadi siku, na koki yake hutiririsha kidogo bila kukohoa. Hewa huja ghafla, karibu kila mara baada ya tangi kukauka au bomba kufungwa kwa matengenezo. Kipimo cha uhakika ni kulegeza kidogo kiungo kilicho juu kabisa ya mlango. Kama kuna hewa, itatoka kwa mlio wa mluzi.

Kulegeza huko ndiyo tiba yenyewe. Funga koki zote, acha valvu ya tangi wazi, weka ndoo na kitambaa, kisha zungusha nati ya kiungo nusu mzunguko. Anza na mlango ulio karibu na tangi. Hewa ikiisha maji yataanza kudondoka. Kaza, halafu nenda mlango unaofuata. Mpangilio huu una maana, kwa kuwa mlango wa pili haupati maji ya kutosha kuisukuma hewa yake mpaka wa kwanza uwe umejaa.

Bomba likiwa limezikwa ukutani bila kiungo cha kulegeza, mafundi hulisukuma kinyumenyume. Mpira hufungwa kutoka koki ya uani yenye maji ya mtaa hadi koki iliyokauka, zote mbili hufunguliwa polepole, na mtu mmoja hukaa juu akisikiliza tangi. Maji ya mtaa huirudisha hewa njia iliyojia, nayo hutokea tangini kwa mapovu. Dakika moja au mbili hutosha. Mpira uondolewe palepale. Ukiachwa umefungwa na maji ya mtaa yakakatika, maji ya tangi, pamoja na chochote kilichomo, yataingia kwenye bomba wanalokunywa majirani.

Penye hita ya umeme, swichi izimwe kwanza na isiwashwe mpaka koki ya maji moto itoe maji mfululizo. Hita iliyojaa hewa huunguza koili yake.

Kama hewa inarudi kila wiki bila mgao wowote, chanzo kitafutwe tangini. Maji yakishuka karibu na tundu la kutokea hujizungusha na kufanya kimbunga kidogo kinachonyonya hewa, na mkoromo husikika wakati mtu anaoga. Dawa yake ni kutoliacha tangi lishuke hivyo. Kona zinazopanda nazo hutibiwa kwa kufunga tii juu ya mlango na kuweka koki ndogo ya kutolea hewa. Njia hiyohiyo hutumika kwenye mabomba ya mtiririko yanayovuka vilima, ambako valvu za hewa hufungwa kwenye kila kilele, ila huko zinafunguka na kujifunga zenyewe.

Wengine huacha tii hiyo na bomba jembamba lililosimama wazi. Linafanya kazi vizuri, mradi ncha yake ipite kimo cha maji ya tangi lililojaa, la sivyo litamwaga usiku kucha. Ncha hiyo ikunjwe itazame chini na ifungwe wavu, kwa sababu mijusi nayo hupenda mabomba yenye unyevu.