Karatasi Mbili katika Kesi ya Galileo

Katika mjadala wetu wa muhula uliopita mwenzetu mmoja alisimama akasema kwa sauti kuu kwamba Kanisa lilimchoma moto Galileo kwa sababu ya kutazama nyota kwa darubini. Sote tukampigia makofi, na mimi pia. Baadaye nilikwenda maktaba kuzitafuta habari hizo, nikaona ya kuwa tulipiga makofi bure. Aliyechomwa ni mtu mwingine, Giordano Bruno, mwaka 1600. Galileo alifariki nyumbani kwake mwaka 1642, naye ana umri wa miaka 77. Lakini kesi yake ina ajabu yake, kwa maana kitabu alichohukumiwa kwacho kilikuwa kimepewa ruhusa ya kuchapwa.

Yafaa kwanza tufahamu desturi ya siku zile. Katika Italia mwandishi alipeleka maandiko yake kwa padre mkaguzi kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Tena ilikuwako Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, ambayo Papa Paulo IV aliitoa Roma mwaka 1559. Vitabu vingine vilikatazwa kabisa, vingine vilizuiwa mpaka visahihishwe. Kitabu cha Koperniko, chenye kueleza kwamba dunia ndiyo izungukayo jua, kilizuiwa hivyo tarehe 5 Machi 1616, na masahihisho yake yakatolewa mwaka 1620. Mwenye kitabu alitakiwa achukue kalamu, akate maneno fulani na kuandika mengine. Mahali palipoandikwa kwamba mwendo wa dunia unathibitishwa, aliandika kwamba ni jambo la kudhania tu. Basi kukadiria mahali pa nyota kwa hesabu za Koperniko kulikuwa halali, bali kusema kwamba dunia yenda kweli kulikuwa haramu.

Sasa tuje kwenye zile karatasi. Tarehe 26 Februari 1616 Kadinali Bellarmino alimwita Galileo nyumbani kwake Roma ili amwonye. Uvumi ukaenea kwamba Galileo ameadhibiwa, naye akamwomba Kadinali ampe hati. Bellarmino akamwandikia kwa mkono wake, tarehe 26 Mei, kwamba hakuadhibiwa wala hakulazimishwa kuapa. Aliambiwa tu kwamba fundisho la Koperniko lapingana na Maandiko Matakatifu, kwa hiyo halifai kushikwa wala kutetewa. Galileo aliitunza hati hiyo.

Miaka 16 ikapita. Mwaka 1632 alitoa kitabu chake huko Florensi, na wakaguzi wa Roma na wa Florensi walikuwa wamekikubali. Ndani yake watu watatu wanazungumza kwa muda wa siku nne, mmoja akimtetea Koperniko, mmoja akimpinga, na wa tatu akiwasikiliza. Mpinzani, jina lake Simplichio, hushindwa karibu kila mara, na mwishoni ndiye anayeitoa hoja aliyoipenda Papa Urbani VIII mwenyewe. Papa alikasirika sana, na uuzaji wa kitabu ukazuiwa.

Ndipo karatasi ya pili ilipoonekana katika majalada ya Baraza la Uchunguzi wa Imani. Ilisema kwamba siku ile ile ya Februari 1616 Galileo aliamriwa asishike, asifundishe wala asitetee fundisho lile *kwa njia yo yote*, kwa mdomo wala kwa maandishi. Tazama tofauti! Kwa hati ya Bellarmino, mtu aweza kulieleza fundisho bila kulitetea. Kwa karatasi hii hawezi hata kulieleza. Nayo haikuwa na sahihi ya Galileo, wala ya Kadinali, wala ya shahidi. Bellarmino hakuweza kuulizwa, maana alikufa mwaka 1621.

Tarehe 12 Aprili 1633 Galileo alihojiwa. Akatoa hati yake, akasema hayakumbuki maneno yale mazito. Akaulizwa kama alimwambia mkaguzi habari za onyo la 1616 alipoomba ruhusa. Akajibu kwamba hakumwambia, kwa kuwa kitabu chake hakimtetei Koperniko. Hapa mimi siwezi kusimama upande wake. Kila akisomaye aona kinamtetea. Tarehe 30 Aprili mwenyewe alikiri kwamba alizitia hoja hizo nguvu kupita kiasi.

Hukumu ilisomwa tarehe 22 Juni. Alionekana kuwa na shuku kubwa ya uzushi, akapiga magoti na kuikana imani ya kwamba dunia yazunguka jua. Kitabu kilikatazwa, naye akafungiwa nyumbani mpaka kufa. Makadinali waamuzi walikuwa kumi, lakini waliotia sahihi hukumu ni saba tu.

Kitabu hicho kilikaa katika Orodha muda mrefu. Mwaka 1744 kiliruhusiwa kuchapwa Padua, pamoja na hukumu ndani yake. Orodha ya mwaka 1835 ndiyo ya kwanza isiyomtaja Galileo wala Koperniko, na Orodha yenyewe ikaondolewa nguvu ya sheria mwaka 1966.