Saa Moja ya Fundi Ni Shilingi Ngapi?

Nilimkuta jirani yangu, fundi cherehani wa Temeke, ameinamia beseni la tatu. Ilikuwa Jumapili, mashuka yameshaanikwa, sare za shule zinasubiri zamu. Kwenye fremu yake, mwendo mfupi kutoka pale, vitambaa 11 vya wateja vilikuwa vimekunjwa rafuni, kila kimoja kimebanwa kikaratasi cha vipimo kwa pini. Idi ilikuwa imebaki wiki tatu. Asubuhi ile alipita mama mmoja wa mtaa wa pili anayefua kwa malipo, akataka shilingi 12,000 kwa rundo lote. Fundi alikataa. “Elfu kumi na mbili kwa kufua tu? Mikono si ninayo!”

Maneno hayo nimeyasikia katika nyumba nyingi, na mimi mwenyewe nimeyasema. Kilichonifanya nikae kitako nikafuatilie ni zile nguo za wateja. Mikono anayo, kweli, lakini mikono ile ile ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa kwenye cherehani. Basi jioni tukachukua daftari lake la kazi, tukatafuta saa yake moja ina thamani gani.

Wiki iliyotangulia alishona magauni tisa. Mteja huleta kitambaa chake, yeye hulipwa ufundi, shilingi 25,000 kwa gauni. Jumla ni 225,000. Uzi, zipu, bitana, oveloki anayopigiwa na jirani, pamoja na umeme, vilimla kama 4,000 kwa kila gauni, yaani 36,000. Pango la fremu ni 60,000 kwa mwezi, tukaihesabia wiki 15,000. Zikabaki 174,000. Alikuwa fremuni kwa saa 58 wiki ile. Ukigawanya, unapata shilingi 3,000 kwa saa.

Wengi huishia hapo: mapato, toa gharama, gawa kwa saa. Hesabu hiyo ni sahihi ukitaka kujua kama biashara inakulisha. Kwa kuamua nani afue nguo, inapotosha. Swali la Jumapili ile halikuwa wastani wa wiki nzima. Swali lilikuwa, zikipatikana saa nne za ziada leo, zitaleta nini? Zingeleta gauni moja zaidi. Pango halipandi kwa sababu ya gauni hilo, maana fremu inalipiwa hata ikifungwa. Vinavyotoka ni zile 4,000 tu. Zinabaki 21,000, na gauni humchukua saa nne akiwa mezani na kwenye cherehani. Saa yake ya ziada, basi, ilikuwa na thamani ya 5,250.

Kufua kulikuwa kunamla saa tano. Akimwachia yule mama, bado atatumia nusu saa kutenganisha nguo na kumwonyesha zipi zinachuja rangi. Anaokoa saa nne na nusu kwa 12,000, sawa na kununua kila saa kwa shilingi 2,670 hivi. Ananunua kwa 2,670 kitu anachoweza kukiuza kwa 5,250. Siku ile alipokataa kutoa 12,000, aliacha gauni zima lilale rafuni.

Lakini tuligeuza daftari nyuma, tukafika Februari. Baada ya Desemba watu hawana fedha, na ada za shule zimeshazimaliza zilizobaki. Wiki moja alishona magauni mawili tu. Rafu ilikuwa tupu. Wiki kama ile, saa ya ziada haimletei 5,250 wala 3,000. Inamletea sifuri, kwa sababu hakuna kitambaa cha kushona. Angemlipa mtu 12,000 amfulie ili yeye akakae fremuni akitazama barabara, angekuwa ametoa 12,000 bila kupata chochote. Ule wastani wa 3,000 ungemdanganya mara mbili: wakati wa Idi ungemfanya aone faida ya kulipia ni ndogo kuliko ilivyo, na Februari ungemwambia alipe.

Ndiyo maana nikitakiwa kutoa kipimo kimoja, nitamwambia mtu atazame rafu yake kabla ya kutazama mshahara au mapato yake. Kwa fundi rafu ni vitambaa. Kwa mwalimu anayefundisha tuisheni ni wanafunzi waliomwomba nafasi akakosa muda. Kwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mara nyingi rafu haipo kabisa. Akitoka kazini saa kumi na moja, jioni yake hainunuliwi na mtu, hata kama kwenye karatasi saa yake inasomeka shilingi 10,000. Mtu huyu akilipia kazi za nyumbani, ananunua pumziko. Ni haki yake, lakini ajue anachonunua, asijiambie kwamba anaingiza fedha.

Na pumziko lenyewe si kitu cha kupuuza. Mwaka 2017 Ashley Whillans na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wazima 60 wa Vancouver, Kanada, walipewa dola 40 wikendi moja wanunue kitu cha kujiokolea muda, na dola 40 wikendi nyingine wanunue kitu cha kushika mkononi. Walijisikia vizuri zaidi siku waliyonunua muda. Kwa fundi wetu pumziko linaonekana hata kwenye kitambaa. Akipita saa nne usiku, huanza kugeuza mikono ya gauni, wa kulia kushoto, kisha asubuhi yake anashinda na wembe akifumua. Saa ya namna hiyo usiipigie 5,250. Katika zile saa nne na nusu za Jumapili, kama mwili umechoka, kulala mbili kunaweza kumlipa kuliko kushona zote.

Lipo jambo ambalo hesabu ya karatasini hailioni: fedha taslimu. Yule mama anataka 12,000 yake leo jioni, na anastahili kuipata leo. Gauni hulipwa siku mteja anapolichukua, pengine baada ya siku kumi. Fundi asiyechukua kianzio anaweza kuwa na faida kwenye daftari huku mkoba ni mtupu. Jirani yangu alianza kuomba nusu ya ufundi mteja anapoleta kitambaa. Bila kianzio kile, uamuzi wa kulipia nguo usingewezekana, hata ungekuwa sahihi namna gani.

Baada ya nguo tukaja kwenye safari ya Kariakoo. Kila wiki alikuwa akipoteza saa tatu na nusu kwenda kununua zipu, bitana na uzi. Akamtuma kijana wa bodaboda kwa 8,000, akampigia picha ya kitambaa kwenye simu. Uzi ulirudi wa rangi ya divai badala ya maruni, na zipu zilikuwa fupi. Rangi kwenye kioo cha simu si rangi ya juani, na kijana hakuwa na kosa. Fundi akaenda mwenyewe kesho yake, kwa hiyo alilipa 8,000 kisha akapoteza zile saa tatu na nusu vilevile.

Hakuacha kutuma. Aliigawa safari. Vitu ambavyo havihitaji jicho, yaani uzi mweusi na mweupe, bitana za kawaida na zipu zilizoandikwa urefu kwa inchi, huvituma kwa kijana pamoja na jina la duka. Kwa rangi ngumu humpa kipande cha kitambaa chenyewe, kilichokatwa pembeni, kimebanwa kwenye karatasi. Vitambaa vya harusi huvifuata mwenyewe. Kazi moja mara nyingi ni kazi mbili zilizoshikana, moja ya miguu na moja ya macho, na ya miguu ndiyo inayotumika kwa urahisi.

Kwa kipimo hicho hicho, kukata hamwachii mtu. Mshono ukikosewa hufumuliwa, lakini kitenge cha mteja kikishakatwa vibaya shingoni kimekwisha, na fundi atakilipa. Mwanafunzi wake anapinda pindo, anatia vifungo, anapiga pasi. Hapo tena daftari lilinifundisha kitu. Kazi hizo humwokolea fundi dakika 40 kwa gauni, saa sita kwa magauni tisa, ambazo ni 31,500. Mwanafunzi hupewa 3,000 kwa gauni, yaani 27,000. Faida ni 4,500 tu kwa wiki. Na kumfundisha mpaka pindo linyooke kulichukua kama saa kumi. Kama angemfundisha msimu wa Idi, saa kumi hizo zingekuwa 52,500, na angehitaji karibu wiki 12 kuzirudisha. Alimfundisha Februari, rafu ikiwa tupu, na hazikumgharimu karibu kitu. Mtu anayelalamika kwamba ni rahisi kufanya mwenyewe kuliko kuelekeza, mara nyingi ameanza kuelekeza wakati mbaya.

Nilipomuuliza kuhusu kusuka nywele za binti yake, alifunga daftari. Msusi wa jirani anachukua 5,000, naye hutumia saa tatu. Kwa hesabu za Idi ni hasara ya zaidi ya 10,000 kila mara. “Pale ndipo ananiambia mambo ya shule,” akasema. “Akiwa ananitazama usoni hasemi.” Sikubisha. Mwanauchumi Gary Becker, aliyeandika mwaka 1965 juu ya matumizi ya muda nyumbani, alitaka gharama ya mlo ihesabiwe kwa viungo pamoja na muda wa mpishi. Ndivyo ilivyo kwa maharage, na fundi huyu msimu wa Idi hununua kisamvu kilichokwisha kutwangwa bila kujuta. Lakini kusuka kwake si gharama ya nywele. Akimpa msusi, nywele zitasukwa na mazungumzo hayatakuwepo.

Kuna njia moja ya mkato ambayo nilimwomba asiitumie, ya kusema binti atafua. Kufua kidogo ni malezi. Kumwachia rundo la saa tano wiki ya mitihani ni kulipa kwa saa za mtoto, ambazo kwa kuwa hazitoki mkobani, tunazihesabu bure.

Idi ile yule mama alifua Jumapili tatu mfululizo. Ilipofika Februari nyingine, fundi alimwita kumwambia hatamhitaji, akaona uso wake ulivyobadilika. Zile 12,000 zilikuwa sehemu ya kodi ya chumba chake. Wakakaa kibarazani wakapanga upya: miezi ya kiangazi cha kazi, anakuja Jumapili moja moja na kufua mashuka na mapazia tu, kwa 6,000. Miezi ya msimu anakuja kila wiki, na bei inapanda hadi 14,000, kwa sababu msimu huo naye anaitwa na nyumba nyingine tatu.