Kijiti Kinapopunguzwa Nguvu na Dawa Nyingine

Vidonge vyenye estrojeni na projestini huzuia yai kupevuka. Vinaweza kuleta kichefuchefu na, mara chache, damu kuganda mishipani. Vijiti vya mkononi vina projestini pekee: hufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, mbegu zisipite. Kero yake kubwa ni hedhi kuvurugika.

Jijini Kampala, watafiti waliwafuatilia wanawake 20 wenye vijiti vya levonojestreli waliokuwa wakitumia efavirenzi, dawa ya VVU. Ndani ya wiki 48, watatu walishika mimba. Efavirenzi huchochea ini kuivunja homoni upesi, hivyo ikapungua mno kwenye damu.

Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo. Anayetumia dawa hizi amweleze mtoa huduma kabla ya kuwekewa kijiti. Sindano ya miezi mitatu haipunguzwi nguvu na efavirenzi.