Nukta ya Nairobi, mkato wa Lubumbashi

Waonyeshe wahasibu wawili tarakimu hizi: 975.000. Mhasibu wa Nairobi atasoma mia tisa sabini na tano, pamoja na sifuri tatu za desimali. Mwenzake wa Lubumbashi atasoma laki tisa na elfu sabini na tano. Kila mmoja amesoma sawasawa kwa utaratibu aliofundishwa, lakini kati ya majibu yao kuna tofauti ya mara elfu moja.

Kenya, Tanzania na Uganda zinafuata desturi ya Waingereza: mkato hutenga maelfu na nukta hutenga senti. Kongo na Burundi zinafuata desturi ya Wafaransa na Wabelgiji: mkato ndio unaotenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nukta au kwa nafasi tupu. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo, chombo cha kimataifa kinachosimamia vipimo, ulikubali nukta na mkato vyote viwili kuwa alama za desimali, na ukasisitiza kwamba makundi ya tarakimu yatengwe kwa nafasi tu. Kwa hiyo anayepokea hesabu za mwaka kutoka ng'ambo ya mpaka hana sababu ya kungoja upande mmoja ubadilike. Kazi yake ni kuzihamisha hesabu hizo bila kuziharibu.

Tuchukue mfano. Kampuni ya usafirishaji ya Lubumbashi inaomba mkopo Dar es Salaam, na imeleta mizania iliyoskaniwa. Mizania ya Kongo huonyesha kila mali kwa safu tatu: thamani ghafi, uchakavu, na thamani halisi inayobaki. Tuseme ukurasa wa mali za kudumu unasomeka hivi, kwa faranga za Kongo:

| Mali | Ghafi | Uchakavu | Halisi |
|---|---|---|---|
| Magari | 48.250.000 | 19.300.000 | 28.950.000 |
| Samani | 975.000 | 325.500 | 649.500 |
| Amana | 640.250,50 | – | 640.250,50 |
| Jumla | 49.865.250,50 | 19.625.500 | 30.239.750,50 |

Excel husoma namba kwa kufuata mipangilio ya nchi iliyomo kwenye kompyuta. Kompyuta ya Dar es Salaam ikipewa 48.250.000 huona nukta mbili, na kwa kuwa namba haiwezi kuwa na desimali mbili, inaichukua kama maandishi. Maandishi hayo hukaa upande wa kushoto wa kisanduku, na `SUM` huyaruka bila kusema neno. Angalau hapo mwenye jicho ataona kwamba kuna kitu kimekaa vibaya. Hatari kubwa iko kwenye mstari wa samani. 975.000 ina nukta moja tu, kwa hiyo inakubaliwa mara moja kuwa 975. Haileti onyo lolote, nayo hukaa upande wa kulia kama namba nyingine zote.

Ubaya ni kwamba hata kukagua mstari hakutaifichua. Samani imekuwa 975, uchakavu 325.5, thamani halisi 649.5. Toa ya pili kwenye ya kwanza, unapata ya tatu barabara, kwa sababu zote tatu zimepungua kwa kiwango kilekile. Mstari mzima ni wa uongo na hesabu yake inakubali.

Ndiyo maana utaratibu wa waraka uthibitishwe kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza, na uthibitishwe kutoka kwenye waraka wenyewe. Tafuta namba isiyoweza kusomwa kwa njia mbili. Hapa 640.250,50 inatosha: ina alama zote mbili, na alama ya mwisho, yenye tarakimu mbili baada yake, ndiyo ya desimali. 48.250.000 nayo ni ushahidi, maana alama inayojirudia ndani ya namba moja haiwezi kuwa ya desimali. Namba kama 975.000 isiamuliwe peke yake. Isomwe kwa ushahidi wa zile nyingine.

Hatua inayofuata ni kuizuia Excel isifanye uamuzi kwa niaba yako. Chagua safu zitakazopokea namba na uzipe umbo la `Text` kabla ya kuandika au kubandika chochote. Utangulizi huu ni wa lazima. 975.000 ikishageuka 975, sifuri zile hazipo tena, na hakuna fomula itakayozirudisha. Andika namba kama zilivyo kwenye picha, nukta kwa nukta na mkato kwa mkato, kisha zigeuze kwenye safu ya pembeni:

```
=NUMBERVALUE(B2,",",".")
```

Fomula hii ipo kwenye Excel tangu toleo la 2013, na LibreOffice Calc nayo inayo. Inasema wazi kwamba mkato ni desimali na nukta ni ya maelfu, hata kama mipangilio ya kompyuta inasema vingine. Ikiwa kompyuta yako yenyewe inatumia mkato kwa desimali, sehemu za fomula hutengwa kwa nukta-mkato (;) badala ya mkato. Nafasi za kawaida kati ya tarakimu fomula huzipuuza yenyewe.

Lakini fomula haijui makundi ya tarakimu yanapaswa kuwa na urefu gani. Kwenye skani hafifu mkia wa mkato hupotea, na programu inayosoma maandishi kutoka kwenye picha inaweza kuandika 640.250.50. Fomula itaziondoa nukta zote na kutoa zaidi ya milioni sitini na nne. Kwa hiyo pitia safu ya maandishi ukitazama kundi la mwisho: baada ya nukta ya maelfu lazima ziwepo tarakimu tatu. Zikiwa mbili, rudi kwenye picha na uikuze.

Mwisho, jumlisha kila safu kwenda chini na ulinganishe na jumla iliyochapishwa, ambayo nayo imegeuzwa kwa fomula ileile. Hapa ndipo kosa la samani linaponaswa. Ghafi ikiingia kama 975, safu itatoa 48,891,225.50 badala ya 49,865,250.50. Pengo ni 974,025. Ligawe kwa 999, unapata 975 kamili, na sasa unajua ni mstari gani wa kutafuta. Kila namba iliyosomwa mara elfu pungufu huacha pengo linalogawanyika kwa 999, kwa sababu kilichopotea ni sehemu 999 kati ya kila 1,000. Makosa yakiwa mawili kwenye safu moja, jibu la mgawanyo litakuwa jumla ya namba hizo mbili.

Kuna mahali ambapo jicho lililozoea shilingi litadanganywa hata baada ya yote haya. Rial ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo hesabu za Muskat huandikwa kwa desimali tatu. Huko 1.250 ni rial moja na baisa 250, na 1,250 ni rial elfu moja mia mbili na hamsini. Anayeshika kanuni kwamba tarakimu tatu baada ya alama ni maelfu atakuwa amemwongezea mfanyabiashara wa Muskat mali mara elfu moja. Kwa waraka wa namna hiyo soma kwanza kichwa cha safu: ni sarafu gani, na je, namba zimeandikwa kwa ukamilifu au kwa maelfu? Ukishajua hilo, tafuta tena namba isiyo na utata, jumlisha, na usiupeleke waraka kwa afisa wa mikopo hadi kila safu ilingane na jumla yake mpaka desimali ya mwisho.