Maoni Makali Juu ya Taarifa ya Mwenzako: Kweli au Si Kweli?

Taarifa ya mavuno ya mkoa wa Katavi huanzia vijijini. Bwana shamba wa kata hukusanya takwimu, huzipeleka halmashauri, na halmashauri huzipeleka Mpanda kwenye Sekretarieti ya Mkoa. Kila hatua kuna mtu anayesoma kazi ya mwenzake na kumrudishia maoni. Hapo ndipo wengi wetu hukwama kati ya mambo mawili: kumfokea mtu, au kumwandikia kwa upole hadi asijue amekosea wapi.

Tuchukue mfano wa kutunga. Taarifa ya kata moja, jedwali la pili, inasema mahindi yamelimwa ekari 420 na yamevunwa tani 1,260. Hitimisho linasema kata ina ziada kubwa ya chakula. Ofisa wa halmashauri anagawanya na kupata tani 3 kwa ekari, yaani magunia 30 ya kilo 100. Ni wakulima wachache mno wanaofikia kiasi hicho hata kwa mbegu bora na mbolea ya kutosha, sembuse kata nzima. Ofisa anakasirika na kuandika: “Hizi takwimu umepika ofisini. Hujafika shambani. Rudia taarifa yote.” Kabla hajatuma, tupime imani tano ambazo watu wanazo kuhusu maoni ya namna hii.

1. “Ukilainisha maneno, umelainisha na kosa.”

SI KWELI. Tazama sentensi tatu za ofisa. “Umepika” ni dhana juu ya nia ya mtu. “Hujafika shambani” ni dhana juu ya mwenendo wake. “Rudia yote” ni amri isiyoonyesha mahali. Jambo pekee ambalo ofisa analijua kwa hakika ni kwamba tani 1,260 kwa ekari 420 haziingii akilini, na jambo hilo hakuliandika kabisa.

Chanzo chenyewe ofisa hakijui bado. Huenda eneo lilipimwa kwa hekta na likaandikwa ekari. Hekta 420 ni ekari zipatazo 1,040, na mavuno yanakuwa magunia 12 hivi kwa ekari: msimu mzuri unaoaminika. Au huenda eneo ni sahihi, ila magunia 1,260 yameandikwa tani. Hapo ni magunia 3 tu kwa ekari, na kata inayodaiwa kuwa na ziada inaelekea kwenye njaa. Makosa haya mawili yanatoa picha zinazopingana, na kumwita mtu mpishi wa takwimu hakusaidii kujua lipi limetokea. Kwa hiyo unapoondoa dhana kuhusu mtu, kosa halipungui. Linaonekana vizuri zaidi, kwa sababu sasa sentensi nzima inalihusu kosa hilo.

2. “Kwa mwenzako, tumia maneno ya upole kama labda, kidogo na baadhi.”

SI KWELI, na huu ndio mtego wa waungwana. Ofisa aliyekatazwa ukali anaweza kuandika: “Kazi nzuri. Labda uangalie tena baadhi ya takwimu kidogo.” Bwana shamba aliyeko Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akiupokea ujumbe huo hawezi kutembea hadi mezani kwako kukuuliza ulikuwa na maana gani. Ataangalia tahajia, atasahihisha jumla ya ukurasa wa mwisho, kisha ataituma ikiwa na kosa lilelile. Wewe utadhani ni mkaidi.

Kipimo ni rahisi. Soma maoni yako kama mtu asiyekuwapo, halafu jibu maswali matatu: kosa liko wapi, kwa nini ni kosa, na nifanye nini? Likikosekana jibu moja, upole wako umeficha jambo. Maneno ya kupunguza makali yana mahali pake pale unapokisia sababu. Usiyaweke kwenye kosa lenyewe.

3. “Anza na sifa, weka kosa katikati, malizia na sifa.”

SI KWELI kwa sehemu kubwa. Sifa ya jumla kama “umejitahidi sana” msomaji huiruka, au huishika hiyo na kuacha kosa. Sifa yenye manufaa ni ile inayomwonyesha mwenzako kisichohitaji kuguswa: “Jedwali la kwanza la mgao wa mbolea limekamilika, liache lilivyo.” Hiyo ni heshima ya kweli kwa kazi yake, na inamwokolea muda wa kurudia kilicho sahihi. Kama hakuna cha kusema cha namna hiyo, salamu ya kiungwana inatosha.

4. “Swali hupunguza makali.”

KWELI, likiwa swali unalohitaji jibu lake. “Eneo hili lilipimwa kwa ekari au kwa hekta?” ni swali la haki, kwa sababu anayejua ni yeye. Vivyo hivyo “Magunia yalipimwa kwenye mizani, au yamehesabiwa kwa lumbesa?”, maana gunia la lumbesa huzidi kilo 100 na huharibu hesabu ya tani. Lakini “Hivi wewe unajua ekari ni nini?” ni tusi lililovaa alama ya kuuliza. Ukishajua jibu, usiulize, sema.

5. “Mwisho wa maoni nao ulainishwe, ili asijisikie vibaya.”

SI KWELI. Matokeo na tarehe havilainishwi. Wakaguzi wa hesabu za serikali wana utaratibu unaofaa kuigwa: hoja ya ukaguzi hueleza hali iliyokutwa, kigezo kilichotakiwa, sababu, athari, kisha pendekezo. Halmashauri hujibu hoja bila mtu kutukanwa, na hakuna anayedai kwamba hoja ya ukaguzi ni kitu laini.

Ofisa wetu akifuata njia hiyo, ataandika hivi:

“Habari za kazi, ndugu yangu. Jedwali la kwanza liko sawa. Jedwali la pili linaonyesha ekari 420 na tani 1,260, yaani magunia 30 kwa ekari, kiasi ambacho hakiwezekani kwa kata nzima. Huenda hekta zimeandikwa ekari, au magunia yameandikwa tani. Naomba ulinganishe na madaftari ya vijiji, usahihishe jedwali, kisha urekebishe na hitimisho linalosema kuna ziada, kwa sababu linategemea takwimu hiyo. Taarifa haiwezi kwenda mkoani ikiwa hivi. Naihitaji Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Ukikwama, nipigie.”

Hakuna neno la kumvunja mtu hapa, na hakuna kosa lililofichwa. Ujumbe huu utumwe kwake peke yake. Ukiuweka kwenye kundi la wasapu la idara, hata maneno haya mazuri yatageuka aibu, naye atajitetea badala ya kufungua madaftari.

Kuna mpaka, nao usemwe wazi. Madaftari ya vijiji yakionyesha kwamba takwimu zilibuniwa kweli, hilo si suala la lugha tena. Ni la mkuu wake wa idara, likiwa na ushahidi mkononi. Lakini ushahidi huo hupatikana baada ya swali kuulizwa vizuri, na aliyeanza kwa tuhuma mara nyingi haupati.